NULLA: neno la herufi tano lililomchelewesha mpishi

Karatasi ilikuja ndani ya bahasha ya kaki, muda mfupi baada ya Alasiri. Aliyeileta ni afisa utumishi wa hoteli moja ya pwani ya mashariki, ambayo ofisi yake ya hesabu na ajira iko huku kwetu Chukwani, hatua chache kutoka barabara iendayo Baraza la Wawakilishi. Alikaa barazani, akapokea chai ya tangawizi, akasema maneno ambayo kila mfasiri ameshayasikia: "Maalim, ni mistari minane tu hii. Nifanyie nikiwa hapa hapa."

Hoteli ilikuwa imempata mpishi wa Kitaliano, mtu wa mikate na piza, na ilimtaka alete hati ya kwao inayoonyesha kama ana hukumu ya jinai. Hati aliituma. Tafsiri pia ilikuwapo tayari. Aliifanya kijana mmoja wa ufukweni, mmoja wa wale tunaowaita papasi, ambaye Kitaliano chake amekiokota kwa watalii kwa miaka mingi na kukizungumza anakizungumza kweli, pengine kwa ulaini kunishinda mimi. Tafsiri yenyewe ilikuwa na sentensi tatu: "Cheti cha tabia njema. Inathibitishwa kwamba mtajwa hajawahi kutenda kosa lolote. Cheti hiki hakiruhusiwi kutumika serikalini."

Wakili wa hoteli aliposoma sentensi ya tatu aliirudisha bahasha. Cheti gani hicho kisichoruhusiwa kutumika serikalini? Akashuku ni cha kughushi. Ndipo afisa akaambiwa atafute mtu anayefanya kazi hii kwa kiapo.

Nilisoma mara moja, nikamwambia cheti ni halali na kijana wake si mwongo. Ila sentensi zake tatu zina makosa matatu, na lililo kubwa kuliko yote si lile lililomshtua wakili.

Tuanze na jina la hati. Kwa Kitaliano imeandikwa "Certificato del casellario giudiziale". Huku kwetu, mtu akitakiwa alete hati ya polisi ya kuonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu, sote tunaijua kwa jina la cheti cha tabia njema. Kwa hiyo kijana aliona kitu anachokijua, akakiita jina analolijua. Lakini hati ya Italia haigusi tabia hata kwa kidole kimoja. Wala haitoki polisi. Kwetu unakwenda polisi, unapakwa wino vidoleni, alama zako zinatafutwa. Kwao inatolewa na ofisi iliyo chini ya mwendesha mashtaka, "Procura della Repubblica", na kinachotafutwa ni jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa.

Neno "casellario" linatokana na "casella", yaani kijisanduku, kama vile vijisanduku vya barua pale posta. Mfumo huu ulianza Italia mwaka 1865. Kila mahakama ilikuwa na kabati la vijisanduku, na humo ziliwekwa kadi za hukumu za watu waliozaliwa katika eneo lake, hata kama walihukumiwa mbali. Siku hizi kabati limekuwa kanzidata moja ya nchi nzima chini ya Wizara ya Sheria mjini Roma, na ofisi ya Procura yoyote inaweza kukuchapishia cheti chako. Jina la kabati limebaki.

Kuna jambo la pili kuhusu hiyo "tabia njema". Italia ilikuwa nayo zamani. Mtu akiomba kazi ya serikali alitakiwa awe na mwenendo mwema uliothibitishwa. Mwaka 1984, kwa sheria namba 732, sharti hilo liliondolewa. Mfasiri anayeandika "tabia njema" juu ya karatasi hii anairudishia Italia kitu ambacho yenyewe ilikitupa miaka arobaini iliyopita, na anampa mwajiri wa Zanzibar ushahidi ambao hakuna ofisi yoyote iliyoutoa.

Niliandika: "Cheti cha Rejesta ya Hukumu za Mahakama". Afisa aliuliza kwa nini nisiseme "hukumu za jinai", ndivyo watu watakavyoelewa haraka. Nikamweleza kwamba rejesta ile ina pia baadhi ya maamuzi yasiyo ya jinai, kwa mfano mtu ambaye mahakama imeamua kwamba hawezi kusimamia mambo yake mwenyewe, ikamwekea msimamizi. Hadi Oktoba 2019 vyeti vilikuwa vitatu tofauti: cha jinai, cha madai, na cha jumla. Tangu hapo vimeunganishwa kikawa kimoja. Nikiongeza neno "jinai" ambalo halimo, ninalibana jina la hati ya watu.

Tukafika katikati ya karatasi, kwenye mstari unaobeba kila kitu. Kitaliano chake, neno kwa neno: "Si attesta che nella Banca dati del Casellario giudiziale risulta: NULLA". Herufi kubwa, katikati ya ukurasa, na baada yake weupe mtupu hadi chini.

Kijana aliandika "hajawahi kutenda kosa lolote". Angalia alivyoruka. Karatasi inasema juu ya kanzidata, yeye akasema juu ya mtu. Karatasi inasema juu ya leo, siku ilipochapishwa, yeye akasema juu ya maisha yote. Karatasi inasema juu ya kilichoandikwa, yeye akasema juu ya kilichotendwa. Ndani ya sentensi moja ya maneno manne amempa mpishi yule ushahidi ambao hata mamake mzazi asingethubutu kuuapia.

Hapa nilishika kalamu nikatulia kidogo, maana Kiswahili kina utajiri ambao Kitaliano hakina. "Nulla" unaweza kuliandika "hapana", "hakuna" au "hamna". "Hapana" tuliache, hilo ni jibu la mtu aliyeulizwa. "Hakuna" ni la eneo zima, halina mpaka. "Hamna" ni la ndani: nimefungua, nimetazama humu, hamna. Ukiichambua hati ile kwa sarufi yake, "nella Banca dati", yaani ndani ya kanzidata, utaona "hamna" ndilo linalokaa sawasawa. Mwenzangu mmoja mfasiri, mtu wa mjini Vuga, hulikataa kwa kuwa linanuka mazungumzo ya kijiweni, na huandika "HAKUNA". Mimi huona kwamba sentensi iliyotangulia ikishasema "katika kanzidata", basi "HAMNA CHOCHOTE" haliachi mwanya wa kudhani kwamba tunamzungumzia mtu. Niliandika: "Inathibitishwa kwamba katika Kanzidata ya Rejesta ya Hukumu za Mahakama imeonekana: HAMNA CHOCHOTE".

Afisa akasoma, akakunja uso. "Sasa Maalim, mbona kama umempunguzia? Yule wa mwanzo aliandika vizuri zaidi."

Ndiyo shida yenyewe. Nilimpa maelezo ambayo nayatoa kwa mdomo tu na siyaandiki kwenye tafsiri. Cheti hiki, ambacho mtu huomba mwenyewe kwa ajili ya kazi, sheria ya Italia imekiwekea orodha ya vitu visivyoonyeshwa. Sheria hiyo ni amri ya Rais namba 313 ya mwaka 2002, kifungu cha 24, na namba hiyo huwa imechapwa juu ya cheti chenyewe, chini ya jina lake. Mtu akihukumiwa mara ya kwanza, na adhabu ikawa kifungo kisichozidi miaka 2, hakimu anaweza kuamuru hukumu hiyo isitajwe kwenye cheti. Mtu akikubaliana na mwendesha mashtaka juu ya adhabu, na kifungo kisizidi miaka 2, makubaliano hayo pia hayatajwi. Na yapo makosa madogo ambayo hakimu huyamaliza kwa amri ya maandishi bila kusikiliza kesi, mara nyingi kwa faini, nayo hayatajwi. Yote hayo yamo kwenye kanzidata, na hakimu akiyataka atayaona. Kwenye cheti cha mwajiri yanatoka "NULLA".

"Kwa hiyo ana rekodi au hana?"

"Karatasi imesema cheti chake hakina kitu. Hapo ndipo inapoishia, na mimi ndipo ninapoishia."

Alicheka, lakini alielewa. Mwajiri aliyesoma "hajawahi kutenda kosa" akaja kugundua baada ya mwaka kwamba mpishi wake aliwahi kuhukumiwa Bologna kwa ugomvi wa baa, atasema amedanganywa. Nani amemdanganya? Mpishi alileta karatasi ya kweli. Italia ilitoa karatasi ya kweli. Uongo umo kwenye tafsiri, na ulitoka kwa mtu ambaye hakukusudia kudanganya.

Sasa ile sentensi ya tatu, iliyomtia wakili wasiwasi. Chini ya cheti kuna maneno madogo madogo yasemayo kwamba cheti hiki hakiwezi kuwasilishwa kwenye vyombo vya utawala wa umma, wala kwa watu binafsi wanaoendesha huduma za umma, wa Jamhuri ya Italia. Maneno matatu ya mwisho ndiyo roho ya sentensi, "della Repubblica Italiana", na ndiyo kijana aliyoyaacha. Tangu Januari 2012 ofisi za serikali ya Italia zimekatazwa kumdai raia karatasi ambazo serikali hiyo hiyo inazo. Raia huandika tamko lake, na ofisi inakwenda kuangalia yenyewe. Kwa hiyo vyeti vinavyochapishwa hupigwa onyo hilo ili karani wa Italia asivipokee. Sentensi inayofuata inasema kwamba cheti ni halali kikiwasilishwa kwa mamlaka za utawala za nchi za nje.

Kwa maneno mengine, onyo lile halituhusu, na sentensi inayofuata ndiyo yetu. Kijana aliitafsiri nusu ya kwanza, akaiona ya pili ni kurudiarudia, akaiacha. Wakili naye alifanya kazi yake vizuri: alisoma alichopewa. Mimi nililiandika onyo lote, pamoja na namba za sheria zilizomo ndani ya mabano, hata zile ambazo msomaji wa Chukwani hatazifungua kamwe. Maneno madogo ya chini ya hati si mapambo, na mfasiri hana ruhusa ya kuamua lipi lina maana na lipi halina.

Nilidhani tumemaliza. Afisa akaingiza mkono tena kwenye bahasha, akatoa karatasi ya pili ya mpishi yule yule. Hii kichwa chake ni "Certificato dei carichi pendenti". Kijana aliiandika "Cheti cha mizigo inayoning'inia". Nilicheka hadi chai ikamwagika, kisha nikajizuia, kwa kuwa kamusi ingekubaliana naye: "carico" ni mzigo, na "pendente" ni kinachoning'inia. Kinachosemwa ni mashauri ya jinai ambayo bado hayajamalizika, nami niliandika "Cheti cha Mashauri ya Jinai Yanayosubiri Uamuzi".

Cheti hiki ni tofauti na kile cha kwanza kwa mambo mawili ambayo yanafaa kujulikana na kila mwajiri. Kwanza, hakitazami nchi nzima. Kinatazama mashauri yaliyo kwa mwendesha mashtaka wa mahali kilipotolewa, na kwa kawaida mtu hukiomba anakoishi. "NULLA" ya Milano haijui habari za Napoli. Ndiyo maana jina la mji kwenye hati hii halifai kuachwa wala kufupishwa. Kwenye cheti cha kwanza mji ni mahali karatasi ilipochapishwa tu. Kwenye hiki ni mpaka wa kilichotazamwa.

Pili, kinamhusu yule aliyeshafunguliwa mashtaka. Kitaliano kinatenganisha "indagato", anayechunguzwa, na "imputato", aliyefikishwa kwenye mashtaka. Kiswahili chetu cha mahakamani kinatenganisha vile vile: mtuhumiwa na mshtakiwa. Ila kwenye magazeti tumeyachanganya maneno haya mpaka yanakaribia kuwa kitu kimoja. Mtu ameshasomewa mashtaka kizimbani bado tunamwita mtuhumiwa. Kwa hati hii mchanganyiko huo hauvumiliki. Mtu anayechunguzwa leo hatoonekana kwenye cheti cha mashauri yanayosubiri. Nikiandika kwamba "hana tuhuma", nimesema nisichokijua. Nikiandika kwamba hakuna shauri ambamo yeye ni mshtakiwa, nimesema kilichomo.

Mpishi, basi, alikuwa mwepesi: vyeti viwili, vyote vitupu. Mwezi huo huo afisa alinirudia na mwengine, mkufunzi wa kupiga mbizi, na huyu cheti chake hakikuwa kitupu. Hapo ndipo kazi inapokuwa kazi. Sitataja mji wala tarehe zake, ila mpangilio wa mstari wenyewe ulikuwa hivi: hukumu ya mahakama fulani "in composizione monocratica", tarehe iliyokuwa "irrevocabile", kosa ni kuendesha gari akiwa amelewa kwa kifungu cha 186 cha sheria ya barabarani, adhabu "mesi due di arresto" na "ammenda" ya euro 1,000, kisha "sospensione condizionale della pena".

Afisa alikuwa ameshamwonyesha mtu hati hiyo, naye akampa muhtasari: mkufunzi huyu alikamatwa akawekwa ndani miezi miwili. Hoteli ikawa karibu kumwandikia barua ya kumkatalia.

Neno lililomponza ni "arresto". Mtalii akilitamka, ni kukamatwa. Kwenye hukumu ya Italia ni jina la adhabu. Italia ina makosa ya ngazi mbili. Yale mazito huitwa "delitti", na kifungo chake ni "reclusione", faini yake ni "multa". Yale mepesi huitwa "contravvenzioni", kifungo chake ni "arresto", faini yake ni "ammenda". Maneno mawili ya kifungo na mawili ya faini, na kila jozi inakueleza ngazi ya kosa kabla hujasoma kosa lenyewe. Sisi tuna kifungo na faini, basi. Ukiandika "kifungo miezi miwili na faini euro 1,000" hujakosea, lakini umemnyima mwajiri khabari kwamba kosa hili Italia yenyewe inaliweka ngazi ya chini.

Nilifanya hivi: niliandika "kifungo cha miezi 2 (kwa aina ya 'arresto')" na "faini ya euro 1,000 (kwa aina ya 'ammenda')", nikaweka maelezo mafupi ya mfasiri chini, nje ya maandishi ya hati na ndani ya mabano ya mraba, kwamba maneno hayo ni adhabu za makosa ya ngazi nyepesi kwa sheria ya Italia. Sentensi moja. Sikuandika kwamba kosa ni dogo, kwa kuwa ukubwa wa kosa kwa mtu atakayebeba watalii kwenye boti ni hukumu ya mwajiri, si yangu.

"Sospensione condizionale" nayo ina mtego wake. Kishawishi ni kuandika "kifungo cha nje", maneno ambayo sote tunayasikia redioni. Lakini kifungo cha nje kwetu kinampa mtu picha ya mfungwa anayefagia ofisi ya shehia asubuhi. Adhabu ya mkufunzi ilisimamishwa kwa masharti. Asipotenda kosa jengine ndani ya muda uliowekwa, haitekelezwi. Nikaandika hivyo hivyo: "utekelezaji wa adhabu umesimamishwa kwa masharti". Na "irrevocabile" ni kwamba hukumu imekwisha rufaa zake, haibatiliki tena. Ama ile "composizione monocratica", mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa akikaa nami aliiandika "mahakama ya kifalme". Italia haina mfalme tangu 1946. Maana yake ni mahakama iliyokaa na hakimu mmoja.

Kwa hiyo mkufunzi yule hakulala ndani hata usiku mmoja kwa adhabu ile, kwa jinsi hati inavyosomeka. Hoteli ilikaa, ikajadili, ikamwajiri kwa sharti kwamba hataendesha gari la kampuni. Uamuzi mzuri au mbaya, sijui. Ila ulikuwa uamuzi wao juu ya hati yenyewe.

Nitaje na neno jengine, kwa kuwa hapa Unguja lina hatari ya peke yake: "riabilitazione". Halionekani kwenye cheti cha mwajiri, lakini watu wengine badala ya cheti hutuletea "visura", chapisho la bure ambalo mtu huomba kujiangalia mwenyewe na ambalo linaonyesha karibu yote. Humo utalikuta. Visiwa hivi vina nyumba za kuwasaidia vijana walioacha dawa za kulevya, na tunaziita soba hausi. Mfasiri akiona "riabilitazione", masikio yake yanasikia soba hausi. Nimewahi kuona tafsiri, ya nani nitamsitiri, iliyosema mtu "amemaliza matibabu ya uraibu". Mtu yule hakuwahi kugusa unga. Mahakama ilikuwa imemrejeshea haki na hadhi alizozipoteza kwa hukumu ya zamani. Hii ndiyo maana ya neno lile katika sheria ya jinai ya Italia. Mwajiri alikuwa ameshamwogopa.

Majina nayo yana dhiki yake, na hii inawagusa watoto wetu waliokwenda Italia wakarudi. Mzanzibari ana jina lake, la baba na la babu. Hati ya Italia ina vyumba viwili tu: "cognome", jina la ukoo, kwanza, kisha "nome". Karani wa kule huchukua la babu akalitia chumba cha ukoo, au la baba na la babu kwa pamoja, inategemea pasipoti ilivyoandikwa siku mtu alipofika. Na rejesta hutafutwa kwa jina na mahali pa kuzaliwa. Mama mmoja, aliyefanya kazi miaka kumi na tano huko kaskazini mwa Italia, aliomba kazi ya uangalizi wa watoto kwenye skuli ya kigeni. Cheti chake kilikuwa na majina mawili, pasipoti yake mpya ya Tanzania ina matatu. Nilitakiwa niyalinganishe. Sikuyalinganisha. Nimeandika majina kama yalivyo kwenye cheti, kwa mpangilio ule ule wa ukoo kwanza, na nikamshauri aende kwa wakili akaapie hati ya kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Mfasiri anayerekebisha jina kwa huruma ameshatoa cheti cha mtu asiyekuwamo kwenye rejesta.

Mwisho ni mihuri. Cheti cha Italia huwa na stempu ya kodi ya euro 16, na ada ya cheti yenyewe ni chini ya euro 4. Vyote vilivyobandikwa na kugongwa navitaja kwenye tafsiri ndani ya mabano ya mraba: stempu ya kodi, mhuri wa duara wa ofisi, saini isiyosomeka. Italia imo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, kwa hiyo hati inayokwenda nchi mwanachama hupigwa apostili, ikamaliza. Hati zinazoletwa kwetu zimezoea njia ndefu: saini ithibitishwe Italia, kisha zipite ubalozi wa Tanzania mjini Roma. Kila hatua inaongeza mhuri na maandishi mapya nyuma ya karatasi. Ndiyo maana nawaomba wateja wasinitumie picha ya hati kabla haijamaliza safari. Tafsiri iliyofanywa mapema haina mihuri iliyogongwa baadaye, na karani makini ataikataa, naye atakuwa na haki. Mleteeni mfasiri karatasi yenyewe, na nyuma yake, na pasipoti. Nikishamaliza nakwenda nayo kwa kamishna wa viapo, naapa kwamba nimeandika kilichomo, bila kuongeza wala kupunguza.

Bahasha ya mpishi ilifuata njia hiyo yote. Cheti cha rejesta kinadumu miezi 6 tangu siku kilipotolewa. Kati ya Roma, Dar es Salaam, pwani ya mashariki na baraza yangu, miezi mitano na siku kumi na moja ilikuwa imeshakwenda. Afisa aliondoka Chukwani na siku kumi na tisa mkononi.